Saa Nane za Jua

Barua ile Katibu aliiandika mara nne. Ya kwanza ilidondokewa na chai, ya pili Mwenyekiti alisema ina lugha ya kuomba msaada badala ya kuomba mkopo, ya tatu ikakosewa tarehe. Ya nne ndiyo iliyopigwa chapa kwenye duka la steshenari, kurasa tatu, ikatiwa saini tatu na muhuri wa kikundi, akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya taasisi ya mikopo. Karani wa mapokezi akaigonga muhuri wa "IMEPOKELEWA" kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka mezani. Katibu alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama mtu aliyejifungua salama.

Alikuwa fundi cherehani. Ukatibu aliupata kwa sababu mwandiko wake unasomeka, na kwa sababu siku ya uchaguzi alichelewa kufika. Kikundi kilikuwa na wanawake kumi na wanane. Kwa miaka minne walikuwa wakikutana kila Jumatano kwenye chumba cha nyuma cha zahanati ya zamani, kila mmoja na hisa zake na kijitabu chake. Na kila Jumatano, kabla hata ajenda ya kwanza haijasomwa, malalamiko yalikuwa yaleyale: mashine ya kusaga. Ya dizeli ilikuwa moja tu, mwendo wa saa nzima na debe kichwani. Ukifika, mara dizeli imekwisha, mara mkanda umekatika, mara mwenyewe kaenda msibani na funguo mfukoni. Mwenzao mmoja aliwahi kulala hukohuko kwenye foleni, akarudi asubuhi akakuta mume amepika mahindi mabichi na chumvi, watoto wanamtazama kama wageni.

Ndiyo wakaamua kununua ya kwao, ya sola. Bei yake, pamoja na paneli, injini na kibanda, ilikuwa milioni kumi na tano. Kikundi kilikuwa na milioni tatu. Barua ikasema hivi, na Katibu aliijua kwa moyo kama sala:

"Sisi wanachama kumi na wanane tunaomba mkopo wa milioni kumi na mbili. Mashine itasaga kilo 120 kwa saa, kwa saa nane kwa siku, yaani kilo 960. Ada ni 80 kwa kilo, wakati mashine ya dizeli inatoza 100. Kwa siku 26 za kazi, mapato ya mwezi yatakuwa 1,996,800. Gharama za mwezi, yaani mwendesha mashine, mlinzi, kodi ya kiwanja, nyundo na chekeche za mashine, na akiba ya matengenezo, ni 420,000. Kitabaki 1,576,800. Kwa riba yenu ya asilimia moja na nusu kwa mwezi juu ya salio, tutarejesha 599,100 kila mwezi kwa miezi ishirini na minne. Dhamana ni mashine yenyewe, akiba ya kikundi, na mali za wanachama zilizoorodheshwa kiambatanisho cha pili."

Kwenye kiambatanisho cha pili, mstari wa kwanza ulikuwa cherehani ya Katibu. Mstari wa pili ulikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa, mali ya mweka hazina. Mweka hazina alikuwa mama mkwe wake.

Wiki moja baadaye ofisi ilimpigia simu. Kuna karatasi imepungua: proforma ya muuzaji, yenye bei na uwezo wa mashine. Afisa mikopo angekuja kuwatembelea Jumanne, na kamati ingekaa Ijumaa. Katibu akafunga kibanda chake cha kushonea, akapanda gari mpaka kwa muuzaji wa sola, akapewa karatasi yake. Na muuzaji, mtu mwema wa maneno mengi, akamwambia:

"Mama, kwa nini usipite kuiona inavyofanya kazi? Kuna kikundi kilinunua kwangu mwaka jana, ni njiani kwenu."

Akapita. Laiti angejua, angepita njia nyingine. Au pengine angepita hiyohiyo, lakini mapema zaidi.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Kibanda kilikuwa safi, paneli zimepangwa juu ya fremu ya chuma, na mbele yake wanawake watano wamekaa juu ya madebe yao wanapiga soga. Mashine ilikuwa kimya. Mwendesha mashine, mwanamke wa rika lake mwenye unga kwenye nyusi, alikuwa anashona kifungo cha gauni.

"Imeharibika?" Katibu akauliza.

"Haijaharibika. Haijaamka." Mwanamke akacheka. "Jua bado changa. Hii yetu haina betri, dada. Inakula jua moja kwa moja. Saa nne inaanza kusaga vizuri, saa tisa inaanza kuchoka. Ukiilazimisha kabla ya hapo inazunguka polepole, unga unatoka chenga chenga, wateja wanakutukana."

"Saa nne mpaka saa tisa." Katibu alisikia sauti yake ikitoka mbali. "Saa tano."

"Saa tano za jua zuri. Hapo ndiyo kilo mia na ishirini kwa saa, kama ilivyoandikwa. Kipindi cha mvua usiulize. Siku nyingine kilo mia tatu kwa siku nzima, na hapo tumeshinda tunaangalia mawingu kama wakulima."

Katibu akamshukuru. Akakataa maji ya kunywa. Kwenye gari la kurudi akatoa kalamu, akaandika nyuma ya bahasha. Mia na ishirini mara tano, mia sita. Si mia tisa na sitini. Mia sita kwa themanini, elfu arobaini na nane kwa siku. Kwa siku ishirini na sita, milioni moja, laki mbili na elfu arobaini na nane. Toa gharama. Laki nane na elfu ishirini na nane. Bado rejesho linalipika, akajiambia, na pumzi ikamrudia kidogo. Kisha akaandika kilo mia tatu. Laki sita na elfu ishirini na nne. Toa gharama. Laki mbili na elfu nne.

Na rejesho ni laki sita kasoro mia tisa. Na mvua zao ni miezi minne.

Akaikunja bahasha mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Saa nane alizitoa wapi? Alizitoa kwenye mashine ya dizeli. Ile inawashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni, na yeye alikaa kwenye foleni yake miaka kumi na moja. Ndiyo mashine pekee aliyoijua. Wala hakudanganya. Lakini ng'ombe akishachukuliwa, nani atauliza kama alidanganya au alikosea?

Mwenyekiti alikuwa muuza sufuria. Duka lake lilikuwa la mabati, sufuria zimening'inia kuanzia ya uji wa mtoto mpaka ya harusi, na yeye katikati yake, mnene, ana sauti inayofanya mifuniko iitikie. Alimsikiliza Katibu huku akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Umemaliza?" akasema.

"Nimemaliza."

"Sasa nisikilize na mimi, shoga yangu. Mwaka juzi tuliomba mkopo wa kuku. Unakumbuka walituandikia nini? 'Mapato hayatoshelezi marejesho.' Maneno matatu. Nilikaa na barua ile wiki nzima nikiogopa kuwaambia wenzangu. Leo tumeandika barua inayotosheleza, imepokelewa, imegongwa muhuri, afisa anakuja keshokutwa. Wewe unataka kwenda kuwaambia hatujui hata jua linachomoza saa ngapi?"

"Miezi ya mvua tutalipa na nini, Mwenyekiti?"

"Tutachanga."

"Laki nne kila mwezi? Miezi minne?"

"Tutachanga, tutakopa, tutauza sufuria!" Mifuniko ikaitikia. Kisha akashusha sauti, na hiyo ndiyo ilimtisha Katibu zaidi. "Mkopo upatikane kwanza. Mengine tutayajua mbele ya safari. Na usimwambie mama mkwe wako. Mtu mzima yule, presha itampanda bure."

Katibu hakumwambia. Alikwenda kwake jioni, kama kawaida, akamkuta anamkamua ng'ombe, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa mnyama kama mtu anayesikiliza siri.

"Mkwe wangu, mbona umenuna?" mama mkwe akauliza bila kugeuka.

"Kichwa tu, mama."

"Kunywa maziwa. Afisa akija Jumanne nataka akute mko na nuru usoni. Mimi nimeshafua gauni langu la heshima."

Mume wake, fundi baiskeli, ndiye pekee aliyeonyeshwa bahasha. Aliikunjua juu ya meza, akaisoma huku anasugua grisi vidoleni.

"Hapa mmeandika kwamba jua litafanya kazi saa nane," akasema. "Hata mimi sifanyi saa nane."

Katibu hakucheka. Mume akaona hakucheka, akaikunja bahasha polepole. "Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi tatizo lako si hesabu tena," akasema, akarudi kwenye tairi lake.

Jumanne Afisa akaja, mgongoni mwa pikipiki, mwanamke wa makamo mwenye kofia ngumu nyekundu aliyoivua na kuishika kwapani muda wote kama kuku. Wanachama walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya zahanati, kumi na saba. Mmoja alikuwa amejifungua. Afisa alisalimia vizuri, akauliza maswali yake bila haraka. Aliangalia daftari la mahudhurio. Alihesabu akiba, kijitabu kwa kijitabu. Aliuliza wateja watatoka wapi, akaambiwa kaya mia mbili na kumi. Aliuliza mwenye mashine ya dizeli akishusha bei itakuwaje. Mwenyekiti akajibu kwamba bei ya dizeli haiwezi kushuka kwa hasira za mtu. Watu wakacheka, na Afisa naye akacheka.

Kisha akamwelekea mama mkwe. "Mama, unaelewa kwamba kikundi kikishindwa kulipa, mali uliyoiweka hapa inaweza kuuzwa?"

"Ninaelewa."

"Na huogopi?"

Mama mkwe akanyoosha gauni lake la heshima magotini. "Hesabu imepigwa na mkwe wangu," akasema. "Niogope nini?"

Katibu alitazama sakafu. Kulikuwa na ufa wa saruji uliotoka mlangoni mpaka chini ya meza, na yeye aliufuata kwa macho kwenda na kurudi.

"Katibu ndiye nani?" Afisa akauliza. "Hizi hesabu ni zako? Nzuri. Zimenyooka. Una la kuongeza kabla sijaondoka?"

Pale palikuwa na nafasi yake, pana kama mlango wa ghala. Mwenyekiti hakumtazama. Katibu akaona akili yake ikiokota maneno na kuyaangusha.

"Hapana," akasema. "Sina."

Afisa akavaa kofia yake. "Basi Ijumaa kamati itakaa. Mimi nitapendekeza." Akapanda pikipiki, akaondoka, na akina mama wakapiga vigelegele vya chini chini, vya kujizuia, kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto. Katibu alitoka nje, akaenda nyuma ya zahanati, akasimama huko mpaka vigelegele vikaisha.

Jumatano ilikuwa siku ya mkutano wa kawaida. Alfajiri Katibu alikuwa ameshaketi kwenye cherehani yake, lakini hakushona. Aliandika barua nyingine. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza na ilimchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu safari hii hakutaka kwenda na kosa peke yake. Alitaka kwenda na kosa na dawa yake. Akaweka miezi minane ya jua upande mmoja, minne ya mvua upande mwingine. Ile ya jua, kilo mia sita. Ile ya mvua, kilo mia tatu. Na ilikuwa kweli kwa namna mbili, maana hiyo ndiyo miezi ambayo mahindi yako shambani na maghala yako matupu, hata jua lingewaka wateja wangekuwa wachache. Miezi ya jua kingebaki laki nane na elfu ishirini na nane; rejesho la 599,100 lingelipika na kubakiza. Miezi ya mvua, badala ya rejesho zima, walipe riba peke yake. Deni halipungui, lakini halikui. Marejesho yalikuwa ishirini na manne, yakabaki ishirini na manne. Ila sasa yangekwenda miaka mitatu badala ya miwili. Alipiga riba ya mwezi wa kwanza wa mvua, baada ya marejesho manane: kama laki moja na elfu ishirini na saba. Laki mbili na elfu nne ingeitosha. Akapiga tena. Ikatosha tena.

Tatizo lilikuwa saini. Barua ya kikundi inatiwa saini tatu, na muhuri ulikuwa ndani ya mkoba wa Mwenyekiti.

Mkutano ulipofunguliwa, kabla ya hisa, Katibu akasimama.

"Nina jambo," akasema. "Barua tuliyopeleka ina kosa. Kosa ni langu."

Mwenyekiti akafunga macho.

Akawaeleza yote: kibanda alichokiona, mashine ambayo haijaamka, saa tano, mawingu. Aliandika tarakimu kwa chaki kwenye ule ubao wa zamani wa zahanati, uliokuwa bado na majina ya chanjo pembeni. Kisha maneno yakalipuka. Mmoja aliuliza kwa nini wasiweke betri. Katibu akajibu ameshampigia muuzaji simu, na betri zinaongeza milioni sita. Mwingine akasema jana mbona alikuwa amekaa kimya kama maji ya mtungi. Wa tatu, mkali wa siku zote, akasema waache barua ilivyo, kwani nani huko ofisini anajua habari za mawingu?

"Mimi nilimwambia anyamaze," Mwenyekiti akasema ghafla.

Wote wakamgeukia.

"Msimwangukie yeye peke yake. Alikuja kwangu kabla ya Afisa, nikamwambia anyamaze. Niliogopa tutakataliwa tena. Ninaogopa mpaka sasa hivi." Ile sauti ya mifuniko haikuwapo. "Tukipeleka barua hii, ndugu zangu, watatukataa. Nawaambia mapema."

Hapo mama mkwe akanyanyua mkono, kama mwanafunzi. Tangu mwanzo Katibu alikuwa hajathubutu kumwangalia.

"Mkwe wangu," akasema, "kwa ile barua ya kwanza. Ng'ombe wangu angeondoka mwezi gani?"

Katibu akageukia ubao. "Mama, kama tungeanza sasa, mvua zingetukuta tuna akiba ya miezi minane. Kila mwezi tungebakiza kama laki mbili na ushei. Hizo zingetubeba miezi minne ya kwanza kwa shida, kama hakuna kilichoharibika hata siku moja. Kikiharibika kitu, mwezi wa tatu wa mvua. Kisipoharibika mwaka wa kwanza, basi kikiharibika mwaka wa pili."

"Ungekuja kuniambia lini?"

Hakukuwa na mahali pa kukimbilia. "Sijui, mama. Jana nilishindwa."

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu, wala si kwa kusamehe. Kama mtu anayepokea bei ya kitu. Akaomba kalamu. Akatia saini yake, herufi kubwa zilizolala upande, akaisukuma karatasi kwa Mwenyekiti. Kura ilipopigwa walikuwa kumi na watatu kwa wanne. Mwenyekiti alikuwa kati ya wale wanne. Hata hivyo akafungua mkoba wake, akatia saini, akautoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga.

"Wakikataa," akamwambia Katibu, "wewe ndiye utakayewasomea barua yao. Mimi nilishasoma ya kwangu."

Alhamisi asubuhi Katibu alikuwa mtu wa kwanza kwenye benchi la ofisi ya mikopo. Afisa alimwita ndani, akaisoma barua ameketi, kofia nyekundu juu ya kabati nyuma yake. Akaisoma tena. Akachukua mashine ya hesabu, akabonyeza, akaandika kitu pembeni kwa penseli. Feni ilikuwa inazunguka na kugonga kila ikimaliza mzunguko, na Katibu akajikuta anahesabu mapigo hayo. Alifika sitini na moja.

"Juzi nilikuuliza kama una la kuongeza," Afisa akasema.

"Ndiyo."

"Ukasema huna."

"Niliogopa."

Afisa akaegemea kiti. Hakuonekana kukasirika, ila alionekana amechoka. "Unajua umenitia aibu? Nimeshaandika mapendekezo yangu. Nimeandika 'hesabu ni sahihi', nikatia saini. Sasa inabidi nikayatoe. Kesho kikao hakitawaona. Mtasubiri kikao cha mwezi ujao."

"Mwezi mzima?" Katibu akaona mwezi mmoja wa jua ukiondoka, kati ya minane.

"Mwezi mzima. Na siahidi kitu."

Katibu akainuka. Alifika mlangoni, akageuka. "Ile ya kwanza, ingepita?"

Afisa akaweka penseli chini. "Ingepita," akasema. "Hakuna hata mmoja kwenye kamati aliyewahi kusimama kwenye mashine ya sola asubuhi. Wala mimi."

Mwezi ule ulikuwa mrefu kuliko mimba. Wale wanachama watatu waliopiga kura pamoja na Mwenyekiti waliacha kuleta nguo zao kushonwa. Mwenye mashine ya dizeli, aliyekuwa amesikia tetesi, aliwauliza akina mama kwenye foleni kama jua lao limeshapata mkopo, na watu wakacheka, na wao ikabidi wacheke, madebe yakiwa kichwani. Mama mkwe aliendelea kumpa Katibu maziwa, lakini alikuwa akimpa mlangoni. Hakumkaribisha kukaa. Siku ya ishirini na tatu ndipo alipomwambia, "Ingia, nguo yangu imefumuka bega," na Katibu akaingia, akashona bega lile; mahali ambapo mshono mmoja ungetosha, akaweka mitatu.

Simu ilipolia alikuwa na pini mdomoni. Ilibidi azitoe moja moja.

"Kamati imekubali," Afisa akasema, "lakini si yote. Miezi thelathini na sita, mvua riba tu, kama mlivyoomba. Ila wanataka mchango wenu upande mpaka robo ya bei. Mkopo utakuwa milioni kumi na moja, laki mbili na nusu. Rejesho, laki tano, elfu sitini na moja na mia saba. Laki saba na nusu inayopungua muilete ndani ya wiki mbili, la sivyo nafasi inakwenda kwa wengine."

Laki saba na nusu, kwa watu kumi na wanane, ni elfu arobaini na mbili kila mmoja. Kuna waliouza kuku, kuna aliyeuza redio. Mkali wa siku zote alikuwa wa kwanza kuleta yake, noti zimefungwa kwenye kitambaa, akazitupa mezani bila salamu. Wawili walishindwa kabisa, na Mwenyekiti akaondoa sufuria ya harusi kwenye msumari wake, ile kubwa ambayo miaka yote alikuwa anasema haiuzwi, akaiuza. Hakuna aliyeambiwa, waliona tu msumari.

Mashine ilisimikwa mwezi mmoja baada ya wakati wake. Walipata miezi saba ya jua. Katibu aliweka daftari la kilo kibandani, akalijaza mwenyewe kila jioni, na marejesho saba yakalipwa tarehe zake, mengine siku yenyewe ya mwisho, yeye amesimama dirishani kwa keshia huku jasho likimtiririka mgongoni.

Kisha mvua zikaja. Hazikuja na kilo mia tatu. Wiki ya kwanza zilikuwa mia mbili na arobaini kwa siku, ya pili mia mbili na sabini, na Katibu akawa anaamka na kutazama dirisha kabla ya kumtazama mumewe. Injini ililegea mara kwa mara katikati ya debe la mtu. Kuna jioni Mwenyekiti alikuja kibandani, akakaa juu ya gunia tupu, wakasikiliza mabati yanavyopigwa.

Mwezi ulipofungwa wastani ukawa mia mbili na themanini. Mapato yakawa laki tano, elfu themanini na mbili na mia nne. Wakatoa gharama. Ikabaki laki moja, elfu sitini na mbili na mia nne. Riba ya mwezi huo ilikuwa laki moja, elfu ishirini na tano na mia sita. Mama mkwe aliihesabu mara mbili mezani, noti kwa noti, akaifunga kwa mpira, akampa Katibu aipeleke. Iliyobaki ilikuwa elfu thelathini na sita na mia nane, akaiweka kwenye kisanduku.

"Si nyingi," akasema.

"Si nyingi, mama."

Kwenye benchi la ofisi, akisubiri zamu yake, Katibu akapiga hesabu nyingine kichwani. Kwa rejesho zima la barua ya kwanza, mwezi huu pekee wangepungukiwa laki nne, elfu thelathini na sita na mia saba. Hakuiandika popote. Ilibaki miezi mitatu ya mvua, na nje, mvua ilikuwa inaendelea. Keshia akaita namba yake, akasimama.